Tafuta namba ya kifungu kwanza

Ukiomba viza na kupewa barua kwenye dirisha la ubalozi wa Marekani pale Msasani, usihangaike na neno "refused", yaani umekataliwa. Tafuta namba ya kifungu cha sheria ya uhamiaji ya Marekani. Ikiwa ni 221(g), faili lako bado liko wazi: wanataka karatasi fulani, na kisanduku kilichowekewa alama ndicho kinachosema ipi. Una mwaka mmoja kuipeleka bila kulipa ada upya. Ikiwa ni 214(b), maana yake ofisa hakuridhika kwamba utarudi nyumbani. Hapo hakuna rufaa, na kumpelekea taarifa ya benki baada ya siku hiyo hakubadilishi kitu. Unaanza ombi jipya, ikiwezekana hali yako ikiwa imebadilika kweli.

Shemeji yangu wa Mbagala alipewa 221(g) iliyodai barua ya mwajiri. Akaangalia hali ya ombi lake mtandaoni, akakuta Refused, akataka kulipa tena dola 185. Nikamwambia tulia. Hali hiyo huonekana hivyo hivyo wakati faili linasubiri karatasi. Akapeleka barua ile kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi yake, basi.

Ujanja huu haukusaidii kama alama iko kwenye "administrative processing". Hapo hawadai karatasi, wanafanya uchunguzi wao, kazi yako ni kungoja. Wala usiutumie kwa barua za viza ya Schengen ya Ulaya, zile zina fomu yao yenye orodha ya sababu, na haki ya kukata rufaa ipo.