Jinsi ninavyokagua tafsiri ya mkataba kabla haijatoka mkononi mwangu

Kazi nitakayotumia kama mfano ni mkataba wa pango la fremu ya duka Kariakoo. Ulikuwa wa kurasa tisa, ibara 24, umeandikwa kwa Kiingereza, nami niliutafsiri kwa Kiswahili ili mpangaji aelewe anachosaini. Nilimaliza jioni, nikausoma wote nikaona umetulia. Asubuhi nilipouweka kando ya matini chanzi, yaani ule wa Kiingereza, na karatasi yangu ya ukaguzi, nikakuta makosa manne. Hata moja halikuonekana nilipokuwa nasoma Kiswahili peke yake, kwa sababu sentensi iliyorukwa haiachi pengo, na tarakimu mbovu husomeka sawasawa na iliyo sahihi.

Karatasi yangu ina sehemu tatu: yaliyoachwa, namba, istilahi. Kila sehemu naipitia peke yake, mkataba mzima, kuanzia mwanzo. Ukiwinda vyote vitatu kwa mpigo mmoja, jicho litashika sarufi na kusahau kazi uliyolituma.

Hatua ya 1: Hesabu, ndipo usome

Usilinganishe idadi ya maneno. Kiswahili hubana: "hawatakulipa" ni neno moja, na Kiingereza kinahitaji matano kusema hilohilo. Tafsiri kamili inaweza kuwa na maneno machache kuliko chanzi, na iliyorukwa aya nzima isikushtue. Hesabu vipande: ibara ngapi, kila ibara ina vifungu vingapi, na kila kifungu kina sentensi ngapi. Andika idadi ya chanzi kwa penseli pembezoni, kisha hesabu ya kwako.

Ibara ya 11 ilikuwa na vifungu kuanzia (a) hadi (f). Yangu iliishia (e). Vifungu (c) na (d) vyote vilianza na "Mpangaji hataruhusiwa", kimoja kuhusu kupangisha mtu mwingine, cha pili kuhusu kubomoa ukuta. Nilipomaliza cha kwanza, jicho lilirudi kwenye maneno yaleyale ya mwanzo likatua mstari wa chini, na habari ya ukuta ikapotea. Kompyuta nayo ikanificha, kwani herufi za vifungu zilikuwa zinajipanga zenyewe: (e) ikawa (d), (f) ikawa (e), orodha ikaonekana nzima. Kibaya zaidi, ibara ya 19 ilimrejesha msomaji kwenye "11(e)", ambayo sasa ilikuwa kifungu kingine kabisa. Kwa hiyo kila unapokuta ibara inayotaja ibara nyingine, nenda ukaifungue uone kama inasema kile kinachodaiwa.

Hesabu ikishakubali, soma chanzi sentensi moja, weka kidole, soma ya kwako, weka alama ya vema. Hapa unatafuta maneno madogo: "isipokuwa", "angalau", "tu", "si zaidi ya", "kwa maandishi". Mwenye jengo akitakiwa kutoa notisi "kwa maandishi" nawe ukaandika "kutoa notisi", umempa ruhusa ya kupiga simu. Mihuri, maneno ya chini ya ukurasa na yaliyo ndani ya majedwali yapitie mwisho, maana ndiyo husahaulika.

Hatua ya 2: Namba, na usiziamini zinapofanana

Kwenye Word, fungua dirisha la kutafuta na uandike alama hii, nayo itasimama kwenye kila tarakimu:

```
^#
```

Kwenye LibreOffice, washa `Regular expressions` kisha tafuta:

```
[0-9]+
```

Pita chanzi na tafsiri sambamba, tarakimu kwa tarakimu. Njia hii haioni namba zilizoandikwa kwa maneno, kama "thelathini" au "nusu", kwa hiyo hizo utazifuata kwa macho.

Lugha nyingine namba zikilingana mkaguzi hupumua. Sisi kwenye saa ni kinyume. Chanzi kilisema duka lifunguliwe 7:00 a.m. na kufungwa 9:00 p.m. Nami, kwa uchovu, nikaandika "saa 7 asubuhi". Ukitafuta kwa tarakimu, 7 na 7 zinakubaliana, na kosa linapita. Sahihi ni saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku, yaani namba zisizofanana kabisa. Kwenye karatasi yangu nimeandika kwa kalamu nyekundu: *saa ikifanana na chanzi, simama.* Usiku wa manane nao una mtego wake. Mkataba ukiisha saa 6 usiku, taja ni usiku wa kuamkia tarehe ipi, maana "usiku wa Jumanne" kuna anayeuelewa kuwa ni ule unaotangulia Jumanne.

Fedha ziandike kwa tarakimu na kwa maneno, kisha mpe mtu mwingine asome yale maneno nawe uandike tarakimu unazosikia. Sokoni "laki moja na hamsini" ni 150,000, lakini kwenye karatasi wakili anaweza kudai ni 100,050. Andika "laki moja na hamsini elfu" ugomvi uishe.

Piga na hesabu zenyewe. Pango lilikuwa shilingi 1,850,000 kwa mwezi, lilipwe miezi sita mbele. Hiyo ni 11,100,000, ila chanzi kiliandika 11,000,000. Tafsiri yangu ilinakili kwa uaminifu, na ilitakiwa ibaki hivyo. Mtafsiri hasahihishi mkataba wa watu, anaandika swali.

Hatua ya 3: Istilahi

Tengeneza jedwali la safu tatu: neno la chanzi, neno ulilochagua, ibara linapotokea. Kwenye mkataba huu balaa lilikuwa "kodi". Mtaani kodi ni ile ya nyumba na pia ni ile ya serikali. Ibara ya 4 nilitumia "kodi" kwa malipo ya mpangaji, ibara ya 6 "pango", na ibara ya 7 "kodi" tena, safari hii ikiwa kodi ya zuio. Mpangaji angeuliza kwa haki kabisa: nalipa ngapi, na kwa nani?

Nikaamua: malipo kwa mwenye jengo ni "pango", ya serikali ni "kodi". Usibadilishe yote kwa mbofyo mmoja. Kwanza utapata "pango ya ongezeko la thamani". Pili, ngeli zitavurugika: "kodi hiyo italipwa" itakuwa "pango hiyo italipwa", wakati inatakiwa "pango hilo litalipwa". Badilisha moja moja, na kila mara soma sentensi hadi nukta.

Unapotafuta, tafuta shina na si neno zima. "pang" italeta mpangaji, wapangaji, kupangisha na pango. Italeta na "mpango", hiyo ipite. Hapo ndipo nilipoona "mpangaji" na "mpangishaji" zimebadilishana nafasi mara moja, ibara ya 15, ikawa anayepanga ndiye anayetengeneza paa. Tangu siku hiyo situmii "mpangishaji" kabisa; naandika "mwenye jengo", maneno ambayo jicho haliwezi kuyachanganya.

Hatua ya 4: Baada ya kusahihisha

Ibara ulizogusa zirudie sehemu zote tatu, kwa sababu marekebisho huingiza makosa mapya. Kisha mpelekee mteja tafsiri pamoja na karatasi ya maswali. Yangu ilikuwa na swali moja: "Ibara ya 4: 1,850,000 mara 6 ni 11,100,000. Chanzi kinasema 11,000,000. Ipi ni sahihi?" Jibu lilikuja baada ya siku mbili: mwenye jengo alikuwa amepunguza laki moja kwa mdomo, na hakuna aliyeiandika mahali popote. Wakaongeza sentensi moja kwenye Kiingereza, nami nikaitafsiri.