Somo: Dundu wa mavi na minyoo ya ng'ombe malishoni

Nimeulizwa mno kama dundu wa mavi wanatibu minyoo. Naandika mara moja.

Hawamtibu ng'ombe. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi na kuanguliwa humo humo. Kukiwa na joto na unyevu, baada ya wiki moja hivi lava, yaani watoto wa minyoo, huwa tayari kuambukiza, na mvua huwasaidia kufika kwenye majani. Dundu wakichambua bonge la mavi mapema, mavi hukauka na lava wengi hufa kabla ya kukomaa.

Kujua kama dundu wako kazini malishoni kwako:

1. Chagua bonge la jana malishoni.

2. Litumbukize kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri. Dundu wataelea.

3. Tazama udongo chini yake. Matundu yenye vichuguu vya udongo mpya ni kazi ya dundu wachimbaji, wanaozika mavi.

4. Angalia dawa. Hapa ndipo wengi huharibu. Ivamektini, dawa ya minyoo, hutoka na kinyesi, na kwa wiki kadhaa mavi hayo yanaweza kuua watoto wa dundu. Wazazi wanaendelea kuja, kwa hiyo unadhani mambo ni shwari; msimu unaofuata mabonge yanakauka yakiwa mazima. Usichome kundi zima kwa mazoea. Watibu wanaohitaji, hasa ndama walioachishwa maziwa, na umuulize daktari wa mifugo kama levamisoli inafaa, maana haiwadhuru dundu kwa kiasi hicho. Dawa za kupe za jamii ya pairethroidi, za kuogesha au kumwaga mgongoni, nazo zinaua dundu.

MASWALI

Mfugaji Kilosa: Kwa hiyo niache dawa ya minyoo?
— Soma namba 4. Nimesema watibu wanaohitaji.

Kijana wa Boma: Watapunguza kupe?
— Hapana. Kupe hutaga ardhini, si kwenye mavi.

Mama Ndama: Shikamoo mwalimu. Masika nimeona mavi yamechambuliwa vizuri, lakini ndama bado wanaharisha. Kwa nini?
— Marahaba mama, swali zuri. Mvua ikinyesha mfululizo, mavi yaliyochambuliwa hayakauki. Yanabaki na hewa na unyevu, na lava wanaweza kunufaika. Dundu hufanya kazi nzuri zaidi jua likiwaka baada ya kuchambua. Masika usiwarudishe ndama haraka pale walipochunga wakubwa. Pia kuharisha kuna sababu nyingine, kapime kinyesi.

Shamba Dogo: Udongo unapata nini?
— Nitrojeni iliyokuwa ipotee hewani inazikwa, na maji ya mvua hupenya kwenye matundu. Bonge lisilozikwa huua nyasi zilizo chini yake, na ng'ombe hukwepa zile za pembeni.

Mama Ndama: Asante. Mimi hutazama jioni kwa tochi, huonekana wengi kuliko mchana.
— Kweli, baadhi huruka usiku tu. Rudia ndoo alfajiri kwa mavi ya usiku.