Somo: Kuandika video ya matokeo ya mwaka ambayo fundi wa kinu ataielewa

Somo hili ni la anayepewa taarifa ya hesabu na kuambiwa, "Tutengenezee video ya dakika nne kwa wafanyakazi wote." Tutatumia kiwanda cha kusaga unga, na tarakimu zote za kiwanda hicho ni za mfano. Tumekichagua kwa sababu mwaka wake ni mgumu kueleza: mauzo yamepanda, faida imeshuka.

Hesabu zenyewe, kwa milioni za shilingi:

| | 2024 | 2025 |
|---|---|---|
| Mauzo | 40,000 | 48,000 |
| Gharama za uzalishaji | 30,800 | 38,400 |
| Gharama za uendeshaji | 4,800 | 5,760 |
| Riba | 800 | 1,440 |
| Kodi (asilimia 30) | 1,080 | 720 |
| Faida baada ya kodi | 2,520 | 1,680 |

Hatua ya 1: Anza na hesabu zilizoidhinishwa

Usiandike kwa kutumia makadirio ya Januari. Subiri hesabu zilizokaguliwa na kupitishwa na bodi, kwa sababu marekebisho ya mwisho ya wakaguzi mara nyingi hugusa faida, na ndiyo tarakimu ambayo watu wataikumbuka. Kama kampuni imeorodheshwa kwenye soko la hisa, liwe la Dar es Salaam au la Nairobi, video isitangulie tangazo kwa umma wala isiwe na tarakimu ambayo haimo kwenye tangazo hilo. Ukiirusha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi saa tatu kabla, umewapa watu wachache habari inayoweza kugusa bei ya hisa kabla ya wengine.

Hatua ya 2: Andika sentensi moja ya mwaka mzima

Kabla ya muswada, andika sentensi moja ambayo mfanyakazi angemwambia mwenzake kwenye foleni ya chakula. Kwa kiwanda chetu ni hii: "Tumeuza unga mwingi zaidi, lakini kila noti ya elfu moja imetubakishia kidogo kuliko mwaka 2024." Tarakimu isiyosaidia kueleza sentensi hiyo haiingii kwenye video, hata kama mkuu wa idara fulani anaipenda. Dakika nne hubeba tarakimu saba au nane kubwa. Zikizidi hapo, msikilizaji anaacha kuhesabu na kuanza kusubiri mwisho.

Hatua ya 3: Badili taarifa iwe noti ya elfu moja

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Gawa kila mstari wa gharama kwa mauzo, kisha zidisha kwa 1,000. Gharama za uzalishaji za 2025 ni 38,400 gawa kwa 48,000, yaani 0.8, sawa na shilingi 800 kwenye kila noti. Ukimaliza mistari yote, unapata hivi:

| Kwenye kila 1,000 | 2024 | 2025 |
|---|---|---|
| Uzalishaji | 770 | 800 |
| Uendeshaji | 120 | 120 |
| Riba | 20 | 30 |
| Kodi | 27 | 15 |
| Kilichobaki | 63 | 35 |

Jumlisha kila safu. Lazima ifike 1,000 kamili. Isipofika, kuna mstari uliosahaulika, mara nyingi mapato mengine au hasara ya fedha za kigeni.

Jedwali hili linafanya jambo ambalo asilimia haziwezi. Mhasibu ataandika kwamba uwiano wa faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama za uzalishaji, umeshuka kutoka asilimia 23 hadi 20, na mwandishi asiyejua atatamka "faida ghafi imeshuka kwa asilimia tatu". Hiyo si kweli: faida ghafi kwa shilingi imepanda, kutoka milioni 9,200 hadi 9,600. Kilichopungua ni sehemu yake kwenye kila noti, kutoka shilingi 230 hadi 200. Ukiongea kwa noti, kosa hilo halina pa kujificha.

Linaonyesha pia mahali pa kuelekeza maelezo. Uendeshaji haukubadilika, ni 120 kwa 120. Basi usimlaumu dereva wala ofisi. Shilingi 30 zimeliwa na uzalishaji na 10 na riba. Kodi imepungua kwa 12 kwa sababu faida yenyewe imepungua. Jumla, kilichobaki kimepungua kwa 28.

Hatua ya 4: Tafuta sababu yenye bei ndani yake

"Kupanda kwa gharama za malighafi" si sababu, ni jina la mstari. Nenda idara ya ununuzi uulize bei. Kwenye mfano wetu, kilo ya mahindi ilipanda kutoka wastani wa shilingi 650 hadi 715, yaani asilimia 10. Mfuko wa unga wa kilo 25 tuliupandisha kutoka 30,000 hadi 31,500, asilimia 5 tu. Pengo hilo ndilo lililokula noti. Riba ilipanda kwa sababu ya mkopo wa kinu kipya, na kila mtu amekiona kinu hicho kikisimikwa.

Hatua ya 5: Andika kwa sikio

Kiswahili kina mitego yake ya tarakimu, na kwenye karatasi huioni.

"Milioni mia nane na arobaini" inaweza kusikika kama 840,000,000 au 800,000,040. Tamka "milioni mia nane arobaini", bila "na" katikati, na tarakimu iwe kwenye skrini wakati huohuo.

"Imepanda kwa bilioni nane" na "imepanda hadi bilioni nane" ni habari mbili tofauti kabisa, na msomaji aliyechoka huzibadilisha bila kujua. Njia salama ni kutaja pande zote mbili: ilikuwa arobaini, sasa ni arobaini na nane.

"Imeongezeka mara mbili" wengine huelewa imefika maradufu, wengine imeongezewa mara mbili ya ilivyokuwa. Iepuke.

"Mwaka huu" na "mwaka jana" zitakuponza kuliko zote. Video inarekodiwa Machi 2026 kuhusu mwaka 2025; "mwaka jana" ni upi? Taja mwaka kwa jina lake kila mara.

Neno "mapato" pia liangalie. Mhasibu anamaanisha mauzo yote, wasikilizaji wengi wanaelewa faida. Sema "mauzo" au sema "tulichouza".

Kipande cha dakika ya kwanza kitakuwa hivi:

> *Picha: mifuko ikipakiwa. Skrini: 2024 bilioni 40, 2025 bilioni 48.*
> "Mwaka 2025 tuliuza unga wa shilingi bilioni arobaini na nane. Mwaka 2024 ulikuwa wa bilioni arobaini."
>
> *Picha: noti ya elfu moja mezani, inakatwa vipande kwa mchoro.*
> "Chukua noti moja ya elfu kati ya hizo. Mia nane zimelipa mahindi, mifuko, umeme wa kinu na mishahara ya kiwandani. Mia moja ishirini zimelipa magari, ofisi na kazi ya kuuza. Thelathini ni riba ya benki. Kumi na tano ni kodi ya serikali. Zimebaki thelathini na tano."
>
> *Picha: vipande viwili vilivyobaki, kimoja cha kila mwaka, sambamba.*
> "Mwaka 2024, noti kama hii ilitubakishia sitini na tatu."

Muswada uwe na safu ya sauti na safu ya picha, na kila tarakimu itokee pale inapotamkwa, si sekunde tatu kabla. Pima muda kwa kusoma kwa sauti ukiwa na saa. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo anza na makadirio ya maneno 100 kwa dakika; muswada wa dakika nne usizidi maneno 400.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa aina mbili

Mhasibu apewe muswada wenye namba ya ukurasa wa taarifa pembeni ya kila tarakimu, atie alama moja baada ya nyingine. Asihariri lugha, maana atarudisha "faida ghafi". Kisha wasomee watu watatu wasio wa ofisini, mmoja mmoja, halafu uliza: "Kilichotokea ni nini?" Akijibu "tumepata hasara", umekosea mahali, kampuni imepata faida, ila ndogo. Rekebisha sentensi ile, usimrekebishe msikilizaji.

Maswali ya wasomaji

Swali: Mkurugenzi wetu anataka tuseme EBITDA kwa sababu ndiyo iliyopanda. Nimkatalie vipi?

Jibu: Usimkatalie, mwombe aitamke kwa Kiswahili: faida kabla ya riba, kodi na uchakavu wa mali za kampuni. Kisha mwonyeshe kwamba riba ndiyo moja ya sababu mbili za faida kushuka. Ukiitoa, umeondoa sehemu ya maelezo. Zaidi ya hapo, viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS, havijatoa tafsiri moja ya kipimo hicho, kwa hiyo kila kampuni hukikokotoa kivyake. Akisisitiza, itajwe pamoja na faida baada ya kodi, kwenye sentensi hiyohiyo.

Swali: Dada mwandishi, wafanyakazi watauliza kwa nini bonasi ni ndogo wakati mauzo yamepanda. Tulitaje au tunyamaze?

Jibu: Litaje, ndugu yangu, ndilo swali lililomkalisha mtu kutazama. Kama bonasi inafuata faida, sema: "Bonasi inahesabiwa kwenye faida. Kwenye kila shilingi tatu za faida ya 2024, mwaka 2025 tumepata mbili." Hesabu ni 1,680 gawa kwa 2,520, theluthi mbili kamili. Ila hakikisha kwanza na idara ya rasilimali watu kwamba kanuni ya bonasi ni hiyo kweli.

Swali: Faida ni bilioni 1.68 lakini benki tuna milioni 600 tu. Fundi mmoja aliniuliza nyingine ziko wapi, nikakosa jibu.

Jibu: Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, jibu limo humo. Tazama mistari mitatu: wateja wanaodaiwa, mahindi yaliyo ghalani, na mitambo iliyonunuliwa. Kwenye video sema hivi: "Faida huhesabiwa siku mfuko unapotoka langoni, hata kama duka litalipa baada ya siku sitini. Sehemu ya faida yetu iko kwenye mifuko ambayo bado haijalipiwa." Siku sitini zibadilishe kwa masharti yenu halisi ya mkopo.

Swali: Kampuni mama inatoa hesabu kwa dola. Kwa shilingi tumekua, kwa dola tumeshuka.

Jibu: Tumia sarafu ambayo wafanyakazi wanalipwa mshahara. Kama wataiona taarifa ya kampuni mama, weka sentensi moja: "Kwa dola tarakimu ni ndogo kwa sababu shilingi ilibadilishwa kwa dola chache zaidi kuliko 2024." Usichanganye sarafu mbili kwenye picha moja.

Swali: Kama ni hasara kabisa, tuseme "mwaka wa changamoto"?

Jibu: Hapana. Sema "tumepata hasara ya milioni kadhaa" kwenye sekunde 30 za kwanza, na utaje tarakimu kamili. Sentensi inayofuata ieleze kama mishahara ya miezi ijayo ina fedha, na fedha hizo zinatoka wapi. Hilo lijibiwe na mkurugenzi wa fedha mwenyewe mbele ya kamera, si sauti ya msimulizi.