Kabla ya kutuma akiba yako Nairobi

Kama uko Doha, Dubai au Riyadh na unataka kuwekezea familia Nairobi, maliza haya kwanza. Akaunti itakayopokea pesa iwe na jina lako, si la ndugu. Ploti usiilipie mpaka wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji, aangalie rekodi zake kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, au Ardhi House. Fundi alipwe kwa hatua za kazi, na kila hatua uione kwenye picha.

Kuhusu kutuma, acha kuuliza "ada ni ngapi?" Uliza "mama atapokea shilingi ngapi?" Chukua mfano huu. Dola sokoni ni shilingi 129. Wakala wa kwanza hakutozi ada, ila anakubadilishia kwa 125, kwa hiyo dola 1,000 zinafika zikiwa 125,000. Wa pili anakata dola 5 kisha anabadilisha kwa 128.50, na zinafika 127,857. Aliyekuita kwa tangazo la kutuma bure ndiye aliyekula zaidi. Kabla ya kutuma, fungua tovuti ya Benki Kuu ya Kenya uone bei ya siku hiyo, kisha pima tofauti.

Sasa lile lililoniumiza mimi. Nilikuwa Doha, na riyali ya Qatar imefungwa kwa dola, 3.64 kwa dola moja, kwa hiyo shilingi ikicheza na dola, inacheza na mshahara wako pia. Januari 2024 fundi alinipa hesabu ya vyumba sita vya kupangisha Njiru, kwenye ploti ya mama: milioni nne. Dola ilikuwa karibu shilingi 160. Nilikuwa na riyali 91,000, yaani dola 25,000, na hesabu ilitoshea sawasawa. Nikatuma dola 5,000 za msingi na mawe. Zile 20,000 nikazishikilia, maana dola ilikuwa ikipanda kila mwezi na kila mtu kambini alisema itafika 170.

Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa Eurobondi mpya, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, ili kulipa ile ya bilioni mbili iliyokuwa ikiiva Juni. Hofu kwamba Kenya itashindwa kulipa ikaisha, na waliokuwa wameficha dola wakaanza kuziuza. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 131. Dola zangu 20,000, ambazo Januari zingekuwa shilingi 3,200,000, sasa zilikuwa 2,620,000. Zilizopotea, 580,000, ndizo zilizokuwa mabati, milango na shimo la choo. Kuta zilisimama kwenye lenta, hazina paa, na mvua kubwa ya Aprili ikazikuta hivyo. Mama alinipigia akaniambia, "Mwanangu, ukuta wa nyuma umelowa mpaka unaacha mchanga mkononi." Ilibidi nichelewe kurudi kwa miezi minane.

Kosa langu halikuwa kukisia vibaya. Deni langu kwa fundi lilikuwa la shilingi, na pesa ya kulilipa niliiweka kwa dola. Ukishakubaliana bei ya shilingi, badilisha pesa ya kazi hiyo yote siku hizo hizo. Isilale bure: wakati ule hati za hazina za siku 91, yaani mkopo mfupi unaoipa serikali, zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Zile 3,200,000 zingenipa zaidi ya 100,000 kwa siku hizo 91, baada ya kodi ya asilimia 15. Siku hizi unanunua kwa simu kupitia DhowCSD, programu ya Benki Kuu, hata ukiwa nje, mradi uwe na akaunti ya benki Kenya.

Lakini usije ukageuza kila kitu kuwa shilingi. Mwisho wa 2022 dola ilikuwa kama 123, na mwisho wa 2023 ikapita 156. Aliyeweka milioni moja hapa kwa faida ya asilimia 10 alitoka na 1,100,000. Kama ni karo ya mtoto Nairobi, alipata. Kama alipanga kuzirudisha nje alipie masomo yake huko, dola 8,100 zilikuwa zimebaki kama 7,000. Kwa hiyo andika kwanza kila shilingi italipa nini na lini. Karo, ujenzi na matibabu ya wazazi kwa miezi 12 ijayo viwe shilingi. Akiba ambayo hujui utaitumia wapi, iache kwa dola, kwenye benki au mfuko unaosimamiwa kisheria.

Na usikope riyali huko kujenga nyumba ya kodi za shilingi. Shilingi ikianguka, mpangaji hataongeza kodi kwa sababu yako, na mkopo utakatwa kwenye mshahara mwezi ule ule. Mwulize pia mwajiri wako mkataba unaisha lini kabla hujamwambia fundi aanze kuchimba.