Chati ya kazi inayodai ada kabla ya usaili: isome hivi kabla hujaja kwa wakala

Mimi ni wakala wa pesa hapa Ngamiani, Tanga. Juzi mchana binti wa jirani yangu alikuja mbio na 45,000 mkononi. "Shikamoo mjomba, nitumie hii haraka, mwisho ni saa kumi." Nikamwomba simu nisome kwanza. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa ukarani wa ghala bandarini, na hela ilikuwa "ya kufungua faili na vipimo vya afya". Tulichofanya pale dirishani ndicho hiki.

1. Hifadhi chati

Kabla ya kumuuliza mtu huyo chochote. Kwenye WhatsApp anaweza kufuta alichoandika hata kwenye simu yako, ukabaki na mstari wa `This message was deleted`. Piga picha za skrini, namba yake ionekane, au tumia `Export chat`.

2. Soma kutoka chini kwenda juu

Wengi huanza juu, penye "Hongera", wakifika kwenye hela moyo umeshalainika. Anza na meseji ya hela. Ya binti ilisema: "Ada 45,000 itarudishwa siku ya usaili. Nafasi zimebaki 3. Mwisho leo saa 10 jioni."

Hapo jiulize swali moja tu: kama hela itarudishwa, inachukuliwa ya nini? Faili la kweli likifunguliwa, karatasi imenunuliwa na hela imetumika. Ahadi ya kurudisha ipo ili usibishane. Na vipimo vya afya, mwajiri anavitaka kwa mtu aliyekwisha kumchagua, tena vinalipiwa hospitali kwa risiti ya hospitali.

Panda juu kidogo. Binti alikuwa ameuliza, "Ofisi yenu iko wapi?" Jibu likawa, "Utaelekezwa ukikamilisha malipo." Panda tena: hakuna aliyemuuliza amesoma nini wala amefanya kazi wapi. Aliulizwa jina, umri, na kama ana hela kwenye simu. Hadi hapo mimi nilikuwa nimeshamaliza, lakini yeye bado alikuwa anatazama saa.

3. Jina la mpokeaji

Hapa nitakaa, kwa sababu pamewahi kuniumbua.

Ingia kwenye menyu ya mtandao wako (M-Pesa ni `*150*00#`, Airtel Money `*150*60#`), chagua kutuma pesa, weka namba uliyopewa na kiasi kidogo kama 1,000. Usiweke ile 45,000. Kidole kikiteleza, bora uwe umepoteza buku. Kabla pesa haijaondoka utaonyeshwa jina la mwenye laini. Lisome, kisha ghairi.

La binti lilitoka jina la mwanamke, wakati "afisa utumishi" alikuwa mwanamume. Alipoulizwa akasema ni mhasibu wao. Sawa, ila mhasibu wa kampuni anapokea hela za kampuni kwenye laini yake binafsi?

Sasa angalieni mtego wenyewe. Majina yakitofautiana, una sababu ya kukataa. Yakifanana, hujapata sababu ya kukubali. Mwaka jana nilimwambia mteja, "Jina ni lilelile, tuma." Nikatuma 30,000 mwenyewe kwa mkono wangu. Kumbe tapeli hujitambulisha kwa jina la laini aliyoshika, na laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzee wa watu asiyejua lolote. Kesho yake wakamdai ada nyingine, ya sare, ndipo akarudi kwangu analia. Tulishinda kwenye simu na huduma kwa wateja hadi jioni. Hela ilikuwa imeshatolewa siku ileile. Hata lipa namba yenye jina la biashara isikutulize, jina la duka si jina la mwajiri.

4. Mwombe akukate kwenye mshahara

Mimi naipenda hii kuliko kumtukana. Tuliandika: "Sina hela sasa. Naomba mnikate mshahara wa kwanza, nitasaini hata mkataba." Kwa mwajiri wa kweli 45,000 si kitu. Huyu akajibu, "Basi anza na 20,000." Ada ya ofisi haipungui kama bei ya samaki jioni.

5. Piga mwenyewe ofisini

Namba itafute kwingine, si ile iliyo kwenye chati. Kama wanasema ni kazi ya serikali, ingia `portal.ajira.go.tz`. Kuomba kule ni bure.

6. Ripoti

Peleka meseji na namba ya tapeli kwenda 15040. Kama umeshatuma hela, piga 100 muda huohuo uombe muamala uzuiwe, kisha nenda polisi na zile picha ukachukue RB.

Saa kumi na dakika tano "afisa" aliandika, "Nimekuongezea muda hadi saa 12." Binti akacheka, akanunua vocha ya buku.