Somo: Kutafsiri skrini za mwaliko wa kalenda kwa Kiswahili (majibu, saa za eneo na mikutano inayojirudia)

Somo hili ni la wanaotafsiri programu za kalenda kwa faili za PO, na linafuata mwaliko mmoja tangu unapomfikia mwalikwa hadi anapoujibu. Nimechagua njia hiyo kwa sababu maandishi ya kalenda yakitafsiriwa moja moja huonekana sahihi yote, lakini yakikutana kwenye skrini humfanya mtu akose mkutano.

Hatua ya kwanza: tengeneza mwaliko wa majaribio. Kabla ya kugusa tafsiri, andaa mwaliko ambao utaurudia kila mara. Programu nyingi hubadilishana mialiko kwa muundo wa iCalendar, ambao kanuni zake zimewekwa katika RFC 5545 ya mwaka 2009. Huu hapa ni wa kikao kinachoitishwa kutoka London, na mwalikwa wetu yuko Dar es Salaam:

```
DTSTART;TZID=Europe/London:20260310T100000
RRULE:FREQ=WEEKLY;INTERVAL=2;BYDAY=TU
ATTENDEE;PARTSTAT=NEEDS-ACTION:mailto:mwalikwa@example.org
```

Mistari hii haitafsiriwi kamwe, wala jina la eneo kama `Europe/London` halibadilishwi. Kazi yetu ni maneno ambayo programu huyaonyesha baada ya kuisoma.

Hatua ya pili: majibu. Katika faili utakuta neno `Accepted` peke yake, bila kuambiwa ni nani anayezungumziwa. Kwa Kiswahili hatuwezi kukwepa swali hilo: mwalikwa akijisomea mwenyewe ni "Umekubali", mwandaaji akisoma orodha ni "Amekubali", na likielezwa kuhusu mwaliko ni "Umekubaliwa". Fungua programu, tafuta neno hilo linatokea wapi, kisha uamue. Likitumika mahali pawili kwa maana mbili, waombe watengenezaji waligawe kwa kuongeza `msgctxt`, kwa kuwa hakuna tafsiri moja itakayofaa kote.

Kwenye vitufe napendekeza "Nitahudhuria", "Labda" na "Sitahudhuria". "Kataa" ni neno zito mno kwa mtu aliyealikwa na mkuu wake wa kazi, na linaelekea kumkataa mwenye mwaliko badala ya kueleza kwamba nafasi haipo. Kwenye orodha ya waalikwa tumia lugha ambayo makatibu wetu wameizoea katika kumbukumbu za vikao: aliyebonyeza "Sitahudhuria" ametoa udhuru, kwa kuwa jibu lake limemfikia mwandaaji, na aliyenyamaza "Hajajibu". Wawili hao wasichanganywe, maana `DECLINED` na `NEEDS-ACTION` ni hali mbili tofauti.

Panapokuwa na hesabu, zingatia umoja na wingi:

```
msgid "%d accepted"
msgid_plural "%d accepted"
msgstr[0] "%d amekubali"
msgstr[1] "%d wamekubali"
```

Ikiwa mtengenezaji hakuweka nafasi ya wingi, andika "Waliokubali: %d".

Hatua ya tatu: saa. Hapa ndipo ninapoomba uangalifu kuliko mahali pengine popote. Kikao chetu cha saa 10:00 za London, tarehe 10 Machi 2026, ni 13:00 kwa Dar es Salaam, nasi husema saa saba mchana. Programu iliyopangwa kutumia mfumo wa saa 12 itatoa `1:00 PM`. Mtafsiri anayetaka sentensi isomeke vizuri huandika "Saa %s mchana", na matokeo yake ni "Saa 1:00 mchana", wakati usiokuwepo katika hesabu yetu. Baya zaidi ni saa za asubuhi: `9:00 AM` ikawa "Saa 9:00", msomaji ataelewa saa tisa, yaani 15:00, au saa tisa za usiku.

Kwa hiyo usitangulize neno "saa" mbele ya kishika nafasi cha wakati, wala usikifuatishe na asubuhi, mchana au jioni. Andika "Kuanza: %s" na uombe mfumo wa saa 24 uwe chaguo la msingi kwa lugha yetu, kwani `13:00` haina maana mbili. Ni bora sentensi iwe kavu kuliko mtu kufika kikao kimekwisha.

Mstari unaotaja eneo uwe "Saa zinaonyeshwa kwa: %s", na jina linalojazwa liwe "Saa za Afrika Mashariki" au `GMT+3`. Usiandike "kwa saa zako" pasipo kutaja eneo. Uingereza hupeleka saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ilhali Tanzania haibadilishi kitu. Kikao chetu cha tarehe 24 Machi kitakuwa bado 13:00, lakini cha tarehe 7 Aprili kitahamia 12:00 kwa Dar es Salaam. Mwalikwa asiyeona kwamba mkutano umefungwa kwenye saa za London atadhani kalenda imeharibika.

Hatua ya nne: kujirudia. Kanuni yetu inasema mkutano hufanyika Jumanne, kila baada ya wiki mbili. Muhtasari wake ukitafsiriwa "Kila Jumanne ya pili", msomaji ataelewa Jumanne ya pili ya mwezi, ambayo katika kanuni ni jambo jingine kabisa: `FREQ=MONTHLY;BYDAY=2TU`. Tazama tarehe zenyewe. Kikao ni 10 Machi, 24 Machi na 7 Aprili. Aliyesoma "Jumanne ya pili" atakuja 10 Machi, kisha 14 Aprili, siku ambayo hakuna kikao. Andika "Kila baada ya wiki %d, siku ya %s", na ile ya mwezi iwe "Kila mwezi, Jumanne ya pili".

Vitufe vya siku navyo vina tatizo lao. Siku tano kati ya saba huanza kwa herufi J, hivyo ufupisho wa herufi moja haufai. Tumia Jpi, Jtt, Jnn, Jtn, Alh, Iju na Jmo.

Hatimaye, programu huuliza mabadiliko yahusu mikutano ipi. Chagua nomino moja na uishike: ukianza na "Tukio hili pekee", endelea na "Tukio hili na yanayofuata" na "Matukio yote".

Maswali ya wanachama

*Ndugu mwandishi, je, hatuwezi kuonyesha "saa 7:00 mchana" kama tunavyozungumza?*

Inawezekana, ila si kwa tafsiri, kwani ni lazima programu yenyewe ifanye hesabu ya saa sita. Kisanduku cha kuingizia muda nacho lazima kifuate hesabu hiyo, la sivyo mtumiaji ataandika 7:00 na kikao kitahifadhiwa 07:00, yaani saa moja asubuhi.

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini kwenye orodha usiandike "Atahudhuria", ili ifanane na kitufe?*

Marahaba. Orodha hubaki hata mkutano ukishapita. Ukifungua kikao cha mwezi uliopita, "Atahudhuria" litakuwa si kweli, wakati "Amekubali" bado ni sahihi.

*Mimi niko Maskati na wenzangu wako Nairobi. Tutafsiri vipi pale ambapo saa mbili zinaonyeshwa pamoja?*

Taja mji kando ya kila wakati: "13:00 Nairobi, 14:00 Maskati". Miji yote miwili haibadilishi saa, hivyo tofauti ya saa moja ni ya mwaka mzima. Ila sentensi ikiwa na vishika nafasi viwili, tumia `%1$s` na `%2$s`, ili ukigeuza mpangilio wa maneno, wakati usihamie mji usio wake.