Somo: Mama anahema, eko haieleweki, karatasi ya katheta imerudi. Uisomeje?

Wagonjwa wetu wa Mbeya wanaohitaji kupimwa presha za moyo wa kulia kwa katheta huteremka Dar es Salaam, kisha wanarudi na karatasi yenye namba na sentensi moja chini yake. Wengi wetu tunasoma ile sentensi na kuziacha namba. Leo nataka tufanye kinyume chake, kwa kutumia karatasi ya mama mmoja wa Mbeya mjini. Ana miaka 61 na amekuwa akihema kwa miaka miwili akipanda hata ngazi chache. Picha ya kifua ni safi, kipimo cha kupuliza hewa ni karibu ya kawaida, na kwenye eko moyo wa kushoto unasukuma vizuri, asilimia 60. Ana shinikizo la damu la miaka kumi, na mapigo yake hayana mpangilio.

Karatasi ilisema hivi: wastani wa presha ya ateri ya mapafu 29, wedji 14, pato la moyo lita 4.2 kwa dakika. Chini yake: "Ugonjwa uko kwenye mishipa ya mapafu yenyewe." Alikuwa tayari ameandikiwa sildenafili.

Hatua ya 1. Elewa wedji inapima nini. Waliolima vinyungu watanielewa haraka. Ukiziba mfereji mmoja unaoelekea bwawani, maji yaliyo mbele ya kizibo yanatulia na kusimama usawa wa bwawa. Puto la katheta linaziba tawi moja la ateri ya mapafu, damu iliyo mbele yake inatulia, na ncha ya katheta inasoma presha ya "bwawa", yaani atria ya kushoto. Ikizidi 15, damu inarundikana kwa sababu ya moyo wa kushoto. Ikiwa 15 au chini huku ateri ya mapafu ikizidi 20, tunaelekeza macho kwenye mapafu na mishipa yake.

Puto lisipoziba sawasawa, presha ya ateri inavuja na wedji inasomeka juu kuliko ilivyo. Kama waliomfanyia kipimo walichota damu kwenye ncha puto likiwa limejaa, oksijeni yake iwe imepita asilimia 90. Ikiwa 70, hiyo si wedji.

Hatua ya 2. Angalia mawimbi, usiishie kwenye namba. Hapa ndipo siri ya mama huyu ilipokuwa. Alikuwa amelala chali mezani akihema kwa nguvu. Kila akivuta pumzi, presha ya ndani ya kifua inashuka na kuvuta chini presha zote zinazosomwa humo. Mashine haijui hilo. Inachukua wastani wa kila kitu, mabonde na vilima pamoja. Namba tunayoitaka ni ya mwisho wa kutoa pumzi, wakati kifua kimetulia, na kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio tunachukua wastani wa mapigo kadhaa.

Nilimwomba mama anionyeshe karatasi zote. Bahati nzuri mawimbi yalikuwa yamechapwa. Nikachukua rula na penseli. Mwisho wa kutoa pumzi wedji ilikuwa 20, siyo 14. Ateri ya mapafu nayo ilipanda: 52 juu, 26 chini, wastani 35.

Hatua ya 3. Piga hesabu ya ukinzani.

```
PVR = (mPAP - PAWP) / CO
mashine: (29 - 14) / 4.2 = 3.6
rula:    (35 - 20) / 4.2 = 3.6
```

Ukinzani haukubadilika hata kidogo, kwa sababu pumzi ilishusha presha zote mbili kwa kiasi kilekile. Kilichobadilika ni jina la ugonjwa. Ukinzani unaozidi 2 bado unasema mishipa ya mapafu imeumia, lakini wedji ya 20 inasema chanzo ni moyo wa kushoto uliokakamaa, na mishipa ikafuata. Ndiyo maana nasisitiza: ukisoma ateri mwisho wa pumzi, soma na wedji palepale. Ukichanganya 35 ya rula na 14 ya mashine utapata ukinzani wa 5, ugonjwa ambao mama huyu hana.

Hatua ya 4. Namba ikubaliane na mgonjwa. Shinikizo la damu la muda mrefu, mapigo yasiyo na mpangilio, na atria ya kushoto iliyotanuka kwenye eko: vyote vilikuwa vinapiga kelele kabla ya katheta. Tulisimamisha sildenafili. Ukifungua mishipa ya mapafu huku moyo wa kushoto haupokei, unaongeza mafuriko upande wa pili. Tulimwongezea furosemaidi, tukashughulikia presha na mapigo.

Maswali ya wanachama

*Kamwene dokta. Mgonjwa wangu wa Iringa ana mapafu ya moshi wa kuni, hewa inanasa. Naye nimsome mwisho wa kutoa pumzi?*

Kamwene. Kwake tahadhari. Hewa iliyonasa inabana kifua hata mwisho wa kutoa pumzi, kwa hiyo wedji inaweza kusomeka juu bila atria ya kushoto kuwa na shida. Kwa watu hao wastani wa mizunguko kadhaa ya pumzi unakaribia ukweli zaidi. Andika ulisoma kwa njia ipi, ili atakayefuata asilinganishe vitu viwili tofauti.

*Wangu alipewa Lasix wiki nzima kabla ya safari. Wedji ilirudi 12. Nimwamini?*

Amini kwamba siku ile ilikuwa 12. Aliyekaushwa maji anaweza kuficha moyo wa kushoto mgumu. Kama dalili zinaelekea huko, waombe wamwagie mililita 500 za maji ya chumvi haraka akiwa bado mezani. Wedji ikipita 18, umepata jibu lako.

*Mwalimu, pato la moyo la mgonjwa wangu limeandikwa namba mbili: 4.2 na 3.1. Nichukue ipi?*

Uliza zilipatikanaje. Moja ni ya kudunga maji baridi na kufuata joto lake, ambapo vipimo vitatu visipishane zaidi ya asilimia kumi. Nyingine ni kanuni ya Fick:

```
CO = VO2 / (1.34 x Hb x 10 x (SaO2 - SvO2))
```

Kwa mama yetu: VO2 188, Hb 13.5, oksijeni 0.92 na 0.67. Jibu 4.2, limeoana na maji baridi. Lakini ile 188 haikupimwa, ni 125 mara eneo la mwili, mita 1.5 za mraba. Ikiwa makisio yamekosea, jibu lote limekosea. Namba zikipishana, mimi huangalia kwanza oksijeni ya damu ya ateri ya mapafu: ikiwa chini ya 60 na Hb ni nzuri, moyo unasukuma kidogo, hata mashine ikisema nini.

*Sisi tuko juu, Dar ni pwani. Haiharibu kipimo?*

Presha inapimwa kwa kulinganisha na hewa ya pale pale, hivyo urefu wa mahali hauiharibu. Mbeya ni kama mita 1,700. Oksijeni ikipungua mishipa ya mapafu hujibana kidogo, kwa hiyo nyumbani presha ya ateri inaweza kuwa juu kuliko ya Dar. Kinachoharibu kweli ni urefu wa kile kipimio kando ya kitanda. Kikiwa sentimita 10 chini ya usawa wa katikati ya kifua, kila presha inaongezeka kama 7. Wedji ya 12 inakuwa 19, na hakuna rula itakayokuonyesha hilo baadaye.